Mota ndani ya ghala, siku ya gulio: Je, Kanali aliruhusiwa kupiga?

Kisa hiki nimekitunga. Usiutafute mji wake kwenye ramani. Nimekitunga kwa sababu kila shambulio linapotokea karibu na watu wasio na silaha, mabishano huanza na idadi ya waliokufa na huishia hapohapo. Kwa hiyo kwa sasa sikuambii walikufa wangapi. Kanali alipotoa amri hakuijua idadi hiyo, na sheria inamhukumu kwa alichokijua, alichotarajia, na alichopaswa kukitafuta kabla ya kuamua.

Jeshi la serikali linapigana na kundi la waasi lenye makamanda na ngome zake. Ijumaa usiku wataalamu wa mawasiliano wananasa maneno ya simu: mzigo utalala ghala la ushirika, utaondoka Jumamosi saa 7 usiku, kazi ni alfajiri ya Jumapili. Kanali anajua mzigo huo ni nini. Ni mzinga wa mota wa milimita 120 na makombora yasiyopungua 100. Kazi inayosemwa ni kupiga kambi yake, yenye askari wapatao 300 wanaolala kwenye mahema.

Tangu saa 11 alfajiri ya Jumamosi droni iko juu ya mji. Inaonyesha kenta ikishusha masanduku ghalani na wanaume wanane wenye bunduki wakiyapokea. Ghala ni jengo refu la tofali za kuchoma lenye paa la bati, na kwenye chumba cha pembeni anaishi mlinzi mzee na mkewe. Upande wa magharibi, mita 40 hivi, kuna nyumba nne. Upande wa mashariki, kama mita 60, zinaanza meza za gulio, kwanza mitumba, kisha nafaka, kisha samaki wakavu. Kufikia saa 4 asubuhi gulio limejaa, watu kama 400. Mamantilie wawili wanaingia ghalani na masufuria ya wali. Kijana wa bodaboda anapeleka madumu mawili ya dizeli, anageuza, anaondoka.

Kanali ana ndege ya kivita iliyopangiwa eneo lake kuanzia saa 4 hadi saa 5 asubuhi, ikiwa na mabomu mawili ya kilo 250 yanayoongozwa kwa leza. Ana droni yake mwenyewe yenye makombora madogo mawili. Ana kombania moja ya askari wa miguu, saa tatu kwa gari kutoka hapo. Saa 4 na dakika 20 anaamuru ndege ipige ghala kwa mabomu yote mawili.

Kabla ya hukumu, neno moja kuhusu sheria yenyewe. Vita hii ni ya ndani ya nchi, kama zilivyo nyingi katika ukanda wetu. Itifaki ya Pili ya Nyongeza ya 1977 kwa Mikataba ya Geneva, iliyoandikwa kwa ajili ya vita vya namna hii, inakataza kuwalenga raia lakini haina kifungu cha uwiano, yaani cha kupima madhara kwa raia dhidi ya faida ya kijeshi. Maneno kamili ya uwiano na tahadhari yamo katika Itifaki ya Kwanza, inayohusu vita kati ya mataifa, hasa vifungu vya 51, 52 na 57. Kinachoyaleta hadi mezani kwa Kanali ni sheria ya desturi ya kimataifa, inayotokana na mwenendo wa mataifa yenyewe. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilichapisha utafiti wake mwaka 2005 na kuonyesha kwamba kanuni hizi zinazifunga pande zote katika vita vya aina zote mbili. Kwa hiyo Kanali hawezi kujitetea kwamba hii ni vita ya ndani tu.

Tuanze na ghala. Ghala la ushirika ni mali ya kiraia, na likitunza pamba au mahindi haligusiki. Linageuka shabaha ya kijeshi pale matumizi yake yanapochangia kweli mapigano, na kuliharibu kukaleta faida ya kijeshi iliyo bayana katika mazingira ya wakati huo. Makombora 100 yatakayofyatuliwa kesho yanatimiza masharti yote mawili. Hapa Kanali yuko sawa. Lakini angalia maneno "ya wakati huo". Saa 7 usiku kenta ikishaondoka na mzigo, ghala linarudi kuwa la wakulima. Kulipiga Jumapili mchana, eti kwa sababu jana lilikuwa la waasi, kungekuwa kupiga mali ya kiraia.

Watu waliomo ndani ni suala jingine, na hapa ndipo wengi hukosea. Neno letu "raia" linachangia kosa hilo, maana kwa Kiswahili hata mwanajeshi ni raia wa nchi yake. Katika sheria za vita raia ni yule asiye mpiganaji, basi. Wale wanane wenye bunduki ni wapiganaji wa kundi na wanaweza kulengwa, hata wakiwa wanakula. Mamantilie hawawezi. Kumpikia mpiganaji si kupigana, hata kama anakulipa vizuri na hata kama mwanao yuko kwenye kundi. Mlinzi mzee na mkewe pia ni raia, na huenda hata hawakuulizwa kama wanakubali mzigo huo uingie.

Dereva wa kenta ana utata kidogo. Mwongozo wa Msalaba Mwekundu wa 2009 unatofautisha anayepeleka risasi moja kwa moja mpaka mstari wa mbele na anayezisafirisha mbali huko nyuma. Wa kwanza anashiriki moja kwa moja katika mapigano, wa pili hapana. Dereva aliyeshusha masanduku alfajiri na kwenda kunywa chai amebaki raia. Akipakia saa 7 usiku kuelekea mahali mota itakapofyatuliwa, anakuwa ameingia vitani kwa muda wa safari hiyo. Kijana wa bodaboda na madumu yake hajafika huko, na palipo na shaka mtu huhesabiwa kuwa raia.

Raia hapotezi uraia wake kwa kuwa ndani ya shabaha halali. Utasikia watu wakisema aliyekaa karibu na silaha alijitakia. Sheria haisemi hivyo. Inasema jengo laweza kupigwa, na kila raia aliyemo ndani na kandokando yake anaingia kwenye mizani. Afisa aliyemwandikia Kanali taarifa kwamba ndani ya ghala kuna "waasi 13" amewahesabu pia mamantilie wawili, mlinzi, mkewe na dereva, na hivyo ameondoa watu watano kwenye mizani kwa kosa la hesabu.

Sasa uwiano. Shambulio ni haramu ikiwa madhara yanayotarajiwa kwa raia na mali zao yanapita kiasi yakilinganishwa na faida ya kijeshi halisi na ya moja kwa moja inayotegemewa. Hakuna jedwali la kusema raia watano kwa mota moja. Mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa Yugoslavia ya zamani, katika hukumu ya Jenerali Stanislav Galić ya mwaka 2003 kuhusu kuzingirwa kwa Sarajevo, ilitumia kipimo cha mtu mwenye busara aliye na taarifa za kutosha. Je, mtu kama huyo, akiwa kwenye nafasi ya mshambuliaji na akitumia ipasavyo taarifa alizonazo, angetarajia vifo vya raia vilivyopita kiasi?

Faida ya Kanali ni nzito, tusiidharau. Mota ya milimita 120 ikifyatuliwa alfajiri kwenye mahema ya askari 300 ni maafa. Faida hiyo ni halisi, ina saa na mahali. Haifanani na ile ya makamanda wanaosema "tutavunja ari ya adui", ambayo haiwekwi kwenye mizani hii kabisa.

Kwa upande wa pili wa mizani, vipande vya bomu la kilo 250 humdhuru kwa urahisi mtu aliyesimama wazi umbali wa zaidi ya mita 100. Gulio linaanza mita 60. Tena hesabu haiishii kwenye bomu. Kombora moja la mota ya milimita 120 hubeba kilo mbili hadi tatu za baruti, kwa hiyo makombora 100 yana kilo 200 hadi 300 za baruti, zaidi ya iliyomo kwenye mabomu yake mawili ya kilo 250, ambayo sehemu kubwa ya uzito wake ni ganda la chuma. Yanaweza kulipuka yote pamoja, au vipandevipande kwa saa nzima, yakirusha mengine mazima juu ya mabati ya watu. Mlipuko wa pili si bahati mbaya ya kusingiziwa baadaye. Kanali alilipiga ghala kwa sababu ya makombora, na hawezi kusema hakutegemea yangelipuka.

Jioni moja nilibishana na rafiki yangu aliyewahi kuvaa magwanda. Alisema, "Askari mia tatu, ndugu yangu. Weka mamia ya watu gulioni, bado nitapiga, maana wale ni wanangu." Sikumwona mkatili. Kwa uwiano peke yake hoja yake inabishaniwa kweli, na makamanda wawili waadilifu wanaweza kufika sehemu tofauti. Binafsi naona kupiga gulio lililojaa kwa silaha hiyo ni kupita kiasi. Ila nakiri nikiwa na uwiano tu mkononi, mwanasheria mzuri wa utetezi ataniweka barazani siku nzima.

Kisa kinaamuliwa na tahadhari. Wengi huisoma kanuni hii mwisho, kama nyongeza ya adabu, na wakati ndiyo inayouliza maswali yanayojibika kwa saa na kwa dakika. Kifungu cha 57 kinamtaka anayepanga shambulio afanye kila linalowezekana kuhakiki shabaha, achague silaha na njia zitakazoepusha au kupunguza madhara kwa raia, aonye kwa namna inayofaa isipokuwa mazingira hayaruhusu, na asimamishe shambulio ikidhihirika kwamba mambo siyo. "Linalowezekana" maana yake ni linalotekelezeka kwa hali ya wakati ule, ukizingatia mahitaji ya kijeshi na ya kibinadamu pamoja. Kanali hadaiwi muujiza.

Uhakiki wa shabaha ulikuwa mzuri. Alikuwa na simu iliyonaswa, picha za saa tano, masanduku yaliyoonekana. Linganisha na usiku wa kuamkia tarehe 4 Septemba 2009 karibu na Kunduz, Afghanistan. Taliban waliteka magari mawili ya mafuta, yakakwama kwenye mchanga wa mto. Kanali Georg Klein wa jeshi la Ujerumani alihofia yangetumiwa kuilipua kambi yake. Alitegemea mtoa habari aliyekuwa akisema kwa simu kwamba pale hakuna raia. Marubani wa F-15 za Marekani walipendekeza kwanza wapite chini kuwatawanya watu. Alikataa, na mabomu mawili ya ratili 500 yakaangushwa. Wengi waliokufa walikuwa wanavijiji waliokuja kuchota mafuta. Waendesha mashtaka wa Ujerumani walifunga jalada mwaka 2010, kwa hoja kwamba aliamini hapakuwa na raia, na Februari 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona uchunguzi wao ulitosha. Kanali wa kisa chetu hana pa kujificha hapo. Gulio aliliona kwenye kioo chake. Ila kamera ililenga mlango wa ghala muda wote, na hakuna aliyeagizwa kuhesabu watu wa upande wa mashariki. Aligundua vizuri alichotaka kupiga, na hakuangalia sana kilicho kando.

Kisha muda. Mzigo ulitarajiwa kuondoka saa 7 usiku, na gulio huvunjika saa 9 alasiri. Kufikia saa 12 jioni pale hubaki mbuzi na vipande vya karatasi. Kati ya saa 12 jioni na saa 7 usiku kuna saa saba ambazo mota ingekuwa palepale, na faida ya kuipiga ingekuwa ileile. Kwa nini saa 4 na dakika 20 asubuhi? Kitabu cha matukio ya operesheni kinatoa jibu fupi: ndege ilikuwa imepangwa hadi saa 5. Hakuna mstari unaoonyesha kwamba aliomba ndege ya jioni akanyimwa. Nafasi ya ndege inaweza kuwa sababu halali, lakini awe ameomba kwanza.

Mtetezi atasema kundi limewahi kubadili mpango mara mbili, na kusubiri ni kucheza kamari na maisha ya askari. Hoja hii ina nguvu, na ingekuwa na nguvu zaidi kama hapakuwa na droni juu. Droni ilikuwepo. Wakianza kupakia mchana, angeona, na hapo hesabu ingebadilika na haraka yake ingeeleweka.

Lakini usikimbilie kusema basi angepiga usiku. Usiku unaondoa watu gulioni na kuwarudisha kwenye zile nyumba nne za mita 40. Mchana zilikuwa karibu tupu, maana wenyewe walikuwa gulioni. Saa 3 usiku zina familia zimelala, na ukuta wa tofali za kuchoma hauwezi kuwakinga na baruti ya ghala zima. Mlinzi na mkewe nao wako chumbani mwao. Maafisa wengi huona usiku ni tahadhari tosha. Hapa ungekuwa umehamisha hatari kutoka mashariki kwenda magharibi. Watu wangepungua, ndiyo, lakini wangekuwa karibu zaidi.

Na silaha ndogo? Kombora la droni kwenye paa la ghala lingepunguza vipande vya bomu, ila mlipuko wa pili ungebaki vilevile. Ukiwa na baruti kiasi hicho chini ya bati, ukubwa wa kiberiti haukusaidii.

Njia iliyobaki ni barabara. Kenta itakayobeba mota saa 7 usiku lazima ipite kilomita tisa za pori kabla ya kufika mahali pa kufyatulia. Droni ya Kanali mwenyewe inaweza kuifuata na kuipiga huko, au kombania iweke mtego. Sheria inasema panapokuwa na chaguo kati ya shabaha kadhaa zenye faida ya kijeshi inayofanana, ichaguliwe ile yenye hatari ndogo zaidi kwa raia. Shabaha ni makombora yaleyale. Hata dereva, ambaye asubuhi alihesabiwa raia, wakati huo anashiriki. Atakayesema kenta inaweza kupotea chini ya miti anasema kweli, na askari wa mtego nao wako hatarini. Hatari kwa askari ni jambo la kupimwa, si turufu. Kanali angeweza kuweka vyote viwili, droni juu na mtego kwenye daraja, na muda wa kufika alikuwa nao tangu alfajiri.

Kuhusu onyo namtetea. Kuwatangazia watu wa gulio kwa vipaza sauti kungewapa waasi nusu saa ya kuhamisha masanduku nyumba kwa nyumba. Mazingira hayakuruhusu. Lakini usipoweza kuonya, tahadhari nyingine zinazidi uzito.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: shabaha ilikuwa halali, uwiano unabishaniwa na kwangu umevunjwa, tahadhari imevunjwa waziwazi, kwa kukosa kuhesabu, kwa kuchagua saa, na kwa kutotazama barabara. Kundi nalo limekosa. Kuweka silaha kando ya gulio ni kuvunja wajibu wa kuwatenga raia na shabaha, na kama walichagua siku ya gulio makusudi ili wasipigwe, wamewatumia raia kama ngao. Kosa hilo halimfungulii Kanali. Kifungu cha 51 kinasema hivyo bila kona: ukiukaji wa upande mmoja hauuondolei upande mwingine wajibu wake.

Je, atafikishwa The Hague? Hapa wasomaji wengi watakasirika. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko huko, unaorodhesha shambulio lililopita kiasi waziwazi kama uhalifu wa kivita katika vita vya kimataifa tu. Kwa vita vya ndani orodha inataja kuwalenga raia kwa makusudi, na Kanali hakuwalenga, aliwapuuza. Inabaki sheria ya nchi yake, mahakama ya kijeshi, wajibu wa serikali wa kuchunguza na kufidia. Hata huko, kosa la tahadhari peke yake mara nyingi huishia kwenye hatua za nidhamu.

Sasa naweza kukuambia. Mabomu yaliangushwa saa 4 na dakika 32. La kwanza lilitoboa paa na kupasuka chini kabisa ya sakafu, la pili halikulipuka. Makombora mengi yalifukiwa na kifusi, yakanyamaza. Dakika kumi kabla, mchuuzi mmoja mwisho wa gulio alikuwa ameanza kuuza sukari kwa bei ya kutupa, na nusu ya watu walikuwa wamekimbilia huko. Raia waliokufa ni watatu: mamantilie mmoja, mlinzi na mkewe. Hukumu haibadiliki hata kidogo, kwa sababu Kanali hakujua habari za sukari.

Chukua toleo la pili. Kanali anasubiri, droni inaifuata kenta hadi porini, kombora linaipiga saa 7 na nusu usiku. Nyuma ya kona, gizani, basi dogo la msiba lilikuwa limeegeshwa likiwa limezima taa, linabadilisha gurudumu. Wanakufa 11. Swali la kwanza ambalo mchunguzi atamuuliza mwongoza droni ni kama, katika dakika zile za mwisho kabla ya kufyatua, kamera iligeuzwa hata mara moja kutazama mbele ya kona.